Bamvua si maji kujaa: kutengeneza karatasi ya mtindo kutokana na masahihisho yanayojirudia

Ukurasa wa 31 wa kijitabu chetu cha kilimo cha mwani ulipita mikononi mwa wahariri watatu kabla ya kunifikia mimi. Mwandishi, ambaye ni mtu wa pwani, alikuwa ameandika kwamba kazi za shambani hufanywa siku za bamvua. Mhariri wa kwanza, mwenzetu anayetoka Lushoto, alilifuta neno hilo akaandika "maji kujaa". Wa pili, dada aliyezaliwa Pangani, akarudisha "bamvua". Wa tatu hakujua kwamba wenzake wameshavutana hapo. Aliona neno asilolizoea, akaweka "siku za maji mengi".

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa juu kuliko kawaida, na yanapokupwa huenda mbali kuliko kawaida. Mkulima wa mwani anazisubiri kwa sababu ya huko kukupwa: shamba linabaki na maji ya magotini, naye anaingia kwa miguu kufunga miche kwenye kamba. Kumwandikia kwamba kazi hufanywa "maji kujaa" ni kumtuma shambani wakati shamba limezama. Mhariri aliyedhani anarahisisha lugha alikuwa amebadilisha maelekezo ya kazi.

Tuko wanne katika chumba kimoja hapa Ngamiani, Tanga. Tunahariri vijitabu vya wakulima na wavuvi, jarida dogo, na ripoti za watu wanaokuja na kazi zao. Kila mmoja wetu anakijua Kiswahili vizuri, na nadhani hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa kila mmoja analiamini sikio lake. Baada ya ukurasa wa 31 tuliamua kutengeneza karatasi ya mtindo, yaani orodha fupi ya maamuzi ya tahajia na istilahi ambayo wote tunaifuata. Hatukukaa mezani kubuni kanuni. Tulizitoa kwenye masahihisho tuliyokuwa tumeshayafanya, na ninavyoeleza hapa ndivyo tulivyofanya, pamoja na mahali tulipokosea.

Tenganisha kosa, hiari na neno la kazi

Kabla ya kukusanya chochote, kubalianeni ni sahihisho la aina gani linastahili kuingia kwenye karatasi.

Kosa ni jambo ambalo kamusi imeshalimaliza. "Kwahiyo", "kwasababu", "kwaajili", "moja wapo": hayo yanasahihishwa na kuachwa hapo, hayana mjadala. Hiari ni pale ambapo watu wawili wenye Kiswahili kizuri wanaandika tofauti na wote wawili wana haki. "Waliokwenda" na "walioenda" zote zinaandikwa na watu waliosoma. Vivyo hivyo "Wilaya ya Pangani" na "wilaya ya Pangani", "kilo saba" na "kilo 7". Aina ya tatu ni neno la kazi, neno ambalo wavuvi, wakulima au mafundi wanalitumia kwa maana yao mahususi, huku mhariri akilisikia kama lahaja au kama neno gumu tu. Bamvua ni la aina hiyo.

Karatasi ya mtindo ni ya hiari na maneno ya kazi. Makosa yaweke kwenye orodha nyingine. Sisi tunaiita orodha ya kusaka, na anayefungua faili mara ya mwisho ndiye huipitia kwa kompyuta, neno moja moja. Nasisitiza mgawanyo huu kwa sababu karatasi yetu ya kwanza ilifika kurasa tisa. Kila mtu aliingiza kosa linalomkera, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekuwa akiifungua. Tulipoyatoa makosa ilibaki kurasa mbili, na hapo ndipo tulianza kuiona imefunguliwa kwenye meza.

Kukusanya: wiki tatu, bila kuamua lolote

Chukueni wiki tatu za kazi ya kawaida, au kazi moja kubwa iliyopita kwa wahariri wote. Kila faili ihaririwe huku mabadiliko yakirekodiwa. Kwenye Word ni `Track Changes`, kwenye LibreOffice ni `Record` chini ya menyu ya `Edit`. Halafu hakikisheni kwamba kila kompyuta imeandikwa jina la anayeitumia. Kwenye Word jina hilo liko `File`, kisha `Options`, kisha `General`, kwenye kisanduku cha `User name`. Sisi hatukulitazama hilo. Kompyuta zetu mbili zilikuwa na jina moja la fundi aliyetuwekea programu, na kwa wiki nzima masahihisho ya watu wawili waliokuwa wakipingana yakaonekana kama ya mtu mmoja anayejipinga. Ilibidi wiki ile tuirudie.

Jioni ya kila siku, kila mhariri anapitia mabadiliko yake na kuhamishia daftarini yale tu ambayo anadhani mwenzake angeweza kuyarudisha. Daftari lina safu tano: ilivyokuwa, ilivyofanywa, nani kafanya, faili na ukurasa, na sababu kwa maneno machache. Safu ya sababu msiiruke. Mwenzetu wa Lushoto aliandika "msomaji wa bara hataelewa", dada wa Pangani akaandika "hili ndilo neno lenyewe". Kwa sababu hizo mbili peke yake tulijua tunabishania nini hasa: mmoja alikuwa anamlinda msomaji, mwingine analinda maana. Bila hizo tungebaki kubishana kuhusu nani anakijua Kiswahili zaidi, na ubishi huo hauishi.

Wiki zile tatu hakuna anayeruhusiwa kuamua. Mtu akiona mwenzake amebadilisha asichokipenda, anaandika daftarini na kuendelea. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa aliye mkubwa kiumri chumbani. Lakini mkianza kuamua siku ya pili, wenye aibu wataacha kubadilisha, na tofauti mliyotaka kuiona itajificha.

Kuhesabu, na kwa nini Kiswahili kinasumbua kuhesabika

Daftari linaonyesha mlichokigusa. Halionyeshi mlichokiacha kipite. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kutafuta kila umbo kwenye faili zote. Hifadhini nakala za faili kama matini tupu, `.txt`, na mchague `UTF-8`. Kwenye kompyuta ya Linux amri ni fupi:

```
grep -ohiwE "mikoko|mikandaa" *.txt | sort -f | uniq -ic
```

Inarudisha kila umbo na idadi yake. Asiyetaka amri atumie dirisha la kutafutia la Word, nalo huonyesha idadi, ila atarudia kazi hiyo faili kwa faili.

Kwa majina kama mikoko ni rahisi. Vitenzi ni jambo jingine, kwa sababu neno la Kiswahili hubadilika mbele. Ukitafuta "walioenda" utalipata hilo tu, na "aliyeenda", "iliyoenda" na "alipoenda" zitakuponyoka, ilhali uamuzi wa kuacha au kuweka "kw" unazihusu zote. Tafuta kiini cha neno, mwanzo uuache wazi:

```
grep -ohiE "\w+li(o|ye|yo|po)(kw)?enda\b" *.txt | sort -f | uniq -ic
```

Mara ya kwanza tuliandika amri iliyolegea, inayokubali herufi zozote kati ya "li" na "enda", ikatuletea "alipenda" na "walitenda" kwa wingi. Tulikuwa karibu kuamini kwamba umbo lisilo na "kw" limetawala kazi zetu zote. Siku zote soma maneno yenyewe yaliyoletwa, usiridhike na jumla.

Mtego mwingine uko kwenye ng'. Mwandishi aliyeandika kwenye simu hutumia kialama kilichonyooka, Word hukigeuza kikawa kilichopinda, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Tulitafuta "Kimtang'ata", lahaja ya pwani hii kati ya Tanga na Pangani, tukapata mara mbili tu katika kazi nzima iliyoizungumzia. Zilizobaki zilikuwa na kialama cha pili. Amri ikubali zote mbili:

```
grep -ohE "\w*ng['’]\w+" *.txt | sort | uniq -c
```

Na hapo hapo mmeshapata ingizo la kwanza la karatasi yenu: kialama kipi kitumike kwenye kazi zinazochapwa. Sisi tulichagua kilichopinda.

Sasa wekeni mpaka. Kwetu, neno linaingia kwenye mjadala likitimiza moja kati ya mawili: wahariri wawili wamelipeleka pande tofauti, au mhariri mmoja amelibadilisha mara tatu katika kazi tofauti. Yaliyo chini ya hapo yabaki daftarini yakisubiri. Mengi hayarudi tena.

Kuamua: nani anasikilizwa kwanza

Hapa ndipo wahariri hugombana, na mara nyingi ni kwa sababu hawakukubaliana mapema waamuzi ni akina nani na wanafuatana vipi. Mpangilio wetu uko hivi.

Kwa tahajia, kamusi moja inatangulia. Tumechagua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu la mwaka 2013, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA inafuata pale ya kwanza isipokuwa na neno. Andikeni toleo, kwa sababu mwenye toleo la 1981 nyumbani na mwenye la 2013 ofisini wanaweza kufungua "kamusi moja" wakapata majibu mawili. Mzee mmoja anayetuletea kazi zake anaandika "cho chote" na "wo wote", kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni. Hakukosea kwa wakati wake. Sisi tunaunganisha, "chochote" na "wowote", na tunamweleza hivyo kwa heshima badala ya kumwekea alama nyekundu.

Kwa majina ya taasisi, sheria na maeneo yaliyotangazwa, hati rasmi inatangulia kamusi. Kwa maneno ya kazi, wenye kazi wanatangulia wote. Idadi tuliyoihesabu ni mwamuzi wa mwisho, inaposhindikana kuamua kwa njia nyingine: kama maumbo mawili yako sawa kwa kila hali, tunachukua lililozoeleka zaidi kwenye kazi zetu, ili tuwe na machache ya kurekebisha.

Bamvua tuliipitisha kwa mpangilio huo. Kamusi inalo, kwa hiyo hoja kwamba ni neno la kienyeji ilianguka mapema. Ilibaki hoja ya msomaji wa bara. Tukaenda kwa mwenye kazi. Katika kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga nilimkuta bibi mmoja anafungua kamba za mwani kivulini, nikamwamkia, nikamsomea sentensi tatu, moja kutoka kwa kila mhariri. Ya bamvua aliitikia kwa kichwa tu. Ya "maji kujaa" alinisimamisha.

"Mwanangu, maji yanajaa kila siku. Mara mbili kila siku. Sasa hapo mnaniambia niende lini?"

"Na hii, bibi, siku za maji mengi?"

"Hii naielewa mimi kwa sababu najua unachotaka kusema. Asiyejua atakwenda kwenye maji mengi kweli."

Nilirudi na jibu lililomaliza mjadala, na pia na jibu kwa mwenzetu wa Lushoto, ambaye hoja yake ilikuwa na uzito. Neno linabaki bamvua, lakini mara ya kwanza katika kila kazi linafuatwa na maelezo mafupi. Hivyo maana imelindwa na msomaji hakuachwa nyuma.

Mikoko na mikandaa ilitufundisha jambo tofauti. Mmoja wetu alikuwa akibadilisha kila "mikandaa" kuwa "mikoko" ili neno liwe moja. Kwa jina la jumla la miti ile ya ufukweni alikuwa sawa, na idadi ilimuunga mkono. Lakini wakata nguzo na watu wa misitu wanaita mkandaa mti wa aina moja, mkoko wa aina nyingine, na mchu wa aina nyingine tena. Katika sentensi moja ya ripoti, mwandishi alikuwa amesema mikandaa imekatwa kuliko mikoko. Baada ya kuhaririwa ikasomeka mikoko imekatwa kuliko mikoko. Uamuzi wetu ukawa na sehemu mbili: jina la jumla ni mikoko, na majina ya aina hayaguswi. Ukiona uamuzi hauna sehemu ya pili, yaani hauna mahali ambapo haufai, urudie kuutazama kabla ya kuuandika.

Mjadala wa neno moja usizidi dakika kumi. Zikiisha bila makubaliano, mtu mmoja mliyemchagua mapema anaamua na jina lake linaandikwa. Kwetu ni dada wa Pangani, na ameshaamua mara mbili kinyume na sikio lake mwenyewe.

Kuandika ingizo

Ingizo zuri linajibu maswali ambayo mhariri anayo saa nane mchana, kazi ikiwa inadaiwa kesho: niandike nini, nisiandike nini, ni wapi nisiguse. Andikeni neno, upatanisho wake, uamuzi, mipaka, mfano mmoja kutoka kazi halisi, na tarehe. Sababu iwe sentensi moja. Haya ni matatu kutoka kwenye yetu, kwa ufupi na bila tarehe zake:

*bamvua.* Acha kama lilivyo. Usiandike maji kujaa wala maji mengi. Mara ya kwanza katika kila kazi lifuatwe na: "siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu". Mfano: Miche hufungwa siku za bamvua. Sababu: kujaa ni kwa kila siku, bamvua ni kwa mara mbili kwa mwezi.

*mikoko* (u-/i-). Jina la jumla la miti ya ufukweni. Usitumie mikandaa kwa maana ya jumla. Usiguse mkandaa, mchu na majina mengine pale mwandishi anapotaja aina. Usiguse ndani ya maneno ya mtu yaliyonukuliwa.

*silikanti* (huyu/hawa). Herufi ndogo, hata mwanzoni mwa orodha. Si silakanti wala silikanthi. Jina kamili la hifadhi ya bahari ya Tanga yenye neno hili, iliyoanzishwa mwaka 2009, linakiliwa kutoka kwenye hati rasmi, herufi kwa herufi.

Hilo la tatu lilizaliwa na mtu mmoja kuandika "silikanti hizi" na mwingine "silikanti hawa" katika makala moja. Silikanti ni samaki, samaki ni kiumbe hai, na kwenye kazi zetu zote anachukua huyu na hawa, awe baharini au sokoni. Najua mitaani tunasema "samaki hizi" tukiwa sokoni, nami nasema hivyo. Likiwa ndani ya maneno yaliyonukuliwa ya muuzaji linabaki.

Kwa nukuu tumeandika kanuni moja juu kabisa ya karatasi, kabla ya neno la kwanza: karatasi hii haiingii ndani ya maneno ya mtu. Mvuvi wa Tongoni anayeongea Kimtang'ata aachwe aongee Kimtang'ata. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na maneno mengi ya pwani hii hayakupata nafasi kwenye kamusi. Kutokuwemo huko si sababu ya kumsahihisha mtu anayezungumza.

Kujaribu karatasi kabla ya kuiamini

Tengenezeni nakala ya kurasa mbili ambazo hazijahaririwa, ikiwezekana kutoka kwenye kazi ambayo hakuna aliyeiona. Kila mhariri apewe nakala yake na karatasi ya mtindo, ahariri peke yake, bila kuulizana. Kisha linganisheni nakala mbili mbili. Word ina `Compare` chini ya `Review`, na inaonyesha kila tofauti.

Tofauti mtakazoziona ni za aina tatu. Nyingine ni za ladha ya sentensi, ziacheni, karatasi haikuandikwa kwa ajili hiyo. Nyingine ni maneno ambayo hayamo kwenye karatasi, yaandikeni daftarini. Zinazohitaji macho zaidi ni zile ambapo neno limo, wote wamelisoma, na bado wameandika tofauti. Maana yake ingizo lenyewe linasomeka kwa njia mbili. Kwetu lilikuwa la namba. Tulikuwa tumeandika "namba ndogo kwa maneno, kubwa kwa tarakimu". Mmoja akachukulia ndogo ni hadi tisa, mwingine hadi kumi, wa tatu akaandika "wiki sita" mahali ambapo mwingine aliandika "wiki 6". Sasa linasema: moja hadi tisa kwa maneno, 10 na kuendelea kwa tarakimu, lakini vipimo, bei, saa na tarehe daima kwa tarakimu, na muda wa kuvuna nao ni kipimo. Kwa hiyo ni wiki 6, na ni wakulima sita. Saa zote ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni saa 2 asubuhi, hata kama mwandishi ameleta jedwali la maji linaloanza kuhesabu usiku wa manane. Jedwali hilo ligeuzwe kabla ya kuchapwa, na aliyeligeuza na aliyelihakiki wasiwe mtu mmoja.

Kubadilisha ndani ya faili: neno haliondoki peke yake

Karatasi ikishakubalika, mtu atataka kubadilisha yote mara moja kwa kitufe. Kwa tahajia inawezekana. Kwa istilahi ni hatari, na kwa Kiswahili hatari yake ni ya aina yake, kwa kuwa neno likiondoka linaacha upatanisho wake nyuma.

Tuliamua kwamba "boti" itumike kwa chombo chenye injini tu. Kilichochongwa kwenye gogo moja ni mtumbwi. Mtumbwi wenye mbao mbili za pembeni za kuuzuia usipinduke, unaokwenda kwa tanga, ni ngalawa. Kilichoundwa kwa mbao na kutiwa tanga ni mashua. Na pale ambapo mwandishi hajasema, ni chombo. Uamuzi ulikuwa mzuri. Kisha mmoja wetu akabadilisha "boti" yote kuwa "chombo" kwa mpigo katika sura moja. Tukapata "chombo ile imerudi", "chombo yangu", "chombo nyingine zilizama". Kompyuta iliona neno moja tu, haikuona "ile", "i-", "yangu" wala "nyingine". Kuyarekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kama angebadilisha moja moja tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo kila ingizo la jina lina ngeli yake kwenye mabano. Kama neno jipya na la zamani ziko ngeli moja, kama boti na mashua, kubadilisha kwa mpigo kunaweza kupita, ilimradi kila sehemu isomwe. Kama ngeli ni tofauti, kila badiliko linafanywa kwa mkono na sentensi nzima inasomwa, pamoja na inayofuata, kwa sababu sentensi inayofuata mara nyingi inasema "ilikuwa" bila kutaja chombo chenyewe. Hilo la sentensi ya pili ndilo linalotoroka zaidi. Dalili yake ni msomaji kurudi nyuma akitafuta ni kitu gani hicho "i-".

Kuitunza

Karatasi iwe na mlinzi mmoja. Wengine wote wanaandika mapendekezo daftarini, yeye peke yake ndiye anayeingiza. Faili moja, mahali pamoja, na tarehe ya toleo juu. Nakala zilizochapwa ziwe na tarehe hiyo pia, kwani tuliwahi kufanya kazi wiki mbili na nakala ya ukutani iliyokuwa imepitwa.

Uamuzi ukibadilika, usiingie katikati ya kazi. Kijitabu kilichoanza na "taitai" kwa vile vikamba vidogo vya kufungia miche ya mwani kinamalizika na "taitai", hata kama Jumatatu mmeamua vinginevyo. Badiliko linaanza na kazi mpya, na ingizo la zamani halifutwi. Linapigwa mstari na kuachwa mwaka mzima, ili anayekutana na kazi ya zamani ajue kwa nini inasomeka hivyo.

Kila baada ya miezi minne tunakaa na daftari kwa asubuhi moja. Maneno mapya yaliyofika kwenye mpaka wetu yanajadiliwa. Na yale ya kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kikao kilichopita yanahamishwa kwenda faili la kumbukumbu, kurasa zibaki mbili. Kikao kilichopita tuliyaondoa 11 na kuingiza manne. Bamvua ilipofikiwa, mwenzetu wa Lushoto ndiye aliyesema ibaki, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amepokea kazi ya mwandishi mgeni iliyosema "siku za maji makubwa", na safari hii ni yeye aliyempigia simu kumuuliza kama alikuwa na maana ya bamvua.